Dogo wa fundi, picha ya ramani, na futi 15.6 zangu

Leo nawapa stori ya kosa langu mwenyewe, kwa sababu naona wengi wetu tunapokea oda kwa vipimo: mapazia, mazulia, vioo, milango, bati. Mteja anaongea mita, sisi tunaandika futi, kiwandani wanakata mita. Hapo katikati ndipo pesa inapopotea.

Nauza vifaa vya ujenzi mtandaoni hapa Morogoro. Sina stoo kubwa. Mteja akitaka bati za rangi napeleka oda kiwandani, wanakata kwa urefu anaotaka, gari linaleta. Bati likishakatwa kwa kipimo chako halirudishwi. Hilo liweke kichwani tunavyoendelea.

Mwaka huo nilikuwa mgeni kwenye bati za kukata. Nilizoea zile za kawaida za dukani, futi 8 na futi 10. Akaja mteja, mwalimu wa shule ya msingi anayejenga Kihonda. Nyumba yake ni ya mgongo wa tembo, yaani paa la pande mbili zinazokutana juu. Akanitumia picha ya ramani kwa WhatsApp. Ilikuwa na ukungu, namba hazisomeki, kona moja imekatwa. Nikaona nisimsumbue, nikampigia.

"Mwalimu, urefu wa bati upande mmoja ni ngapi?"

"Fundi ameniambia tano nukta mbili, na bati ziwe 15 kila upande."

Tano nukta mbili ni mita. Mimi bei zangu nilikuwa naandika kwa futi, maana ndivyo wateja wanavyouliza. Kichwani nilikuwa na ule msemo wa mtaani kwamba mita ni futi tatu. Nikazidisha 5.2 mara 3, nikapata 15.6. Nikaandika profoma: bati 30, kila moja futi 15.6, jumla futi 468, kwa shilingi 5,000 kila futi, ni 2,340,000. Mwalimu akalipa. Nikapeleka oda kiwandani, wakaniambia wanakata kesho saa 2 asubuhi.

Mwalimu akamtumia fundi wake ile profoma. Fundi akaangalia idadi, akaona bati 30, akasema sawa. Yeye alikuwa na kazi ya kenchi, akili yake ilikuwa kwenye mbao.

Fundi huyo ana kijana anayejifunza kazi kwake. Mimi nitamwita Dogo. Dogo alikuwa na tabia moja nzuri: ramani ikifunguliwa saiti, anaipiga picha ili akaisome usiku. Na hapigi picha moja. Anailaza karatasi chini kivulini, anasimama juu yake wima ili mistari isipinde, anapiga picha ya karatasi nzima pamoja na kona zote nne. Halafu anasogea na kupiga sehemu moja moja, ikiwemo ile kona ya chini yenye jina la mchoro na maelezo. Mafundi wengi hawaiangalii ile kona. Humo ndimo mchoraji huandika vipimo ni vya nini.

Usiku ule Dogo alikuwa anaangalia picha zake huku profoma yangu ikiwa kwenye simu ya fundi. Kwenye ramani ya paa, ile inayotazama nyumba kutoka juu, aliona 4800. Kwenye mchoro wa mkato, unaoonyesha nyumba kama imepasuliwa katikati, aliona mteremko wa paa umeandikwa 5200, na kimo kutoka usawa wa ukingo wa paa hadi kileleni 2000. Kona ya chini imeandikwa vipimo vyote ni milimita.

Hapa kuna jambo la kujua hata kama huuzi bati. Ile 4800 si urefu wa bati. Ukitazama paa kutoka juu unaona umbali wa mlalo tu, kama kivuli chake saa sita mchana. Bati linapanda, kwa hiyo ni refu zaidi. Dogo alihakikisha kwa hesabu ya pembetatu aliyoikumbuka shuleni: 4.8 mara 4.8 ni 23.04, 2 mara 2 ni 4, jumla 27.04, na kipeuo chake cha pili ni 5.2 kamili. Kwa hiyo fundi hakukosea. Bati ni mita 5.2.

Sasa akatazama profoma: futi 15.6. Hakuwa na kikokotoo cha kubadili vipimo. Alikuwa na kitu bora, mazoea ya dukani. Bati la mita 3 sisi wote tunaliita futi 10. Mawili yake ni mita 6, ni futi 20. Mita 5.2 iko karibu na 6 kuliko 3. Inawezaje kuwa futi 15 na kitu? Akachukua simu, akagawa 5200 kwa 304.8, kwa sababu futi moja ni milimita 304.8. Ikatoka 17.06.

Akaenda kwa fundi. "Fundi, shikamoo. Samahani, naona kama bati zitakuwa fupi."

"Marahaba. Fupi vipi? Kipimo nimekitoa mimi."

"Kipimo chako kiko sawa, fundi. Hawa wa dukani ndio wamegeuza mita kuwa futi vibaya. Angalia picha."

Nimependa alivyosema. Alianza na kilicho sawa, akaonyesha picha, hakubishana kwa maneno. Fundi akakuza picha, akasoma 5200, akasoma ile kona, akanyamaza. Kisha akamwambia, "Mpigie huyo dada sasa hivi."

Saa 3 usiku simu yangu inaita. "Dada, habari za jioni. Samahani kwa usumbufu, ile futi 15.6 umeipataje?"

Nikamweleza mara tatu yangu. Akaniuliza swali moja tu: "Dada, bati la mita 3 mnaliuza futi ngapi?" Nikasema futi 10. Nilipomaliza kusema nikajisikia joto usoni. Mara tatu ingekuwa futi 9.

Hebu tuone kingetokea nini. Karani wa kiwandani angepokea futi 15.6, angegeuza kwa usahihi kabisa na kupata mita 4.75. Asingeliona kosa, kwa sababu hesabu yake ni sahihi. Kila bati lingepungua sentimita 45. Paa la mwalimu linatoka nje ya ukuta milimita 600 kwa mlalo, ambazo kwa kufuata mteremko ni kama sentimita 65. Toa 45, zinabaki 20. Bati zingefika, zingepigwa misumari, hata zingependeza kwa macho. Mvua ya kwanza ya upepo ndiyo ingesema, maji yakipiga ukuta na madirisha. Au wangeunga vipande chini, na kila kipande lazima kilaliane na bati la juu, kwa hiyo wangenunua bati ndefu kuliko pengo lenyewe. Bati 30 za mita 4.75 ni mita 142.5. Kiwandani nanunua kwa 16,000 kila mita, ni 2,280,000. Mtaji wangu wote haukufika hapo.

Usiku huo nilimtumia karani ujumbe, na saa 1 asubuhi nikampigia mpaka akapokea. Alikuwa hajakata. Fundi akasema tuongeze sentimita 5 ili bati livuke fishabodi na maji yaangukie kwenye gata. Oda ikawa bati 30 za mita 5.25, jumla mita 157.5.

Ikabaki sehemu ngumu, kumwambia mwalimu. Kiwandani mzigo sasa ni 2,520,000, na yeye amelipa 2,340,000. Nilimpigia, sikuandika meseji. Nikamwambia, "Mwalimu, shikamoo. Nimekosea hesabu, bati zingekuwa fupi. Kijana wa fundi wako ndiye aliyeona. Nakupa kwa bei ya kiwandani, sichukui faida, inapungua 180,000." Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniambia nimtumie ile hesabu ya 304.8 aione mwenyewe. Nikamtumia. Jioni akalipa. Nilipoteza faida, sikupoteza mteja.

Tangu siku hiyo nimebadili vitu vitatu.

Kwanza, sipokei picha ya ramani iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu inapunguzwa ubora na namba ndogo zinafutika. Namwambia mteja abonyeze alama ya kuambatisha, achague Document, atume picha kama faili. Na nataka picha ya kona yenye maelezo. Usijaribu kupima kwa rula juu ya picha kwenye kioo cha simu. Hata kama ramani imeandikwa 1:100, ukishaikuza picha kwa vidole kipimo hicho hakifanyi kazi tena. Soma namba zilizoandikwa tu.

Pili, sigeuzi kipimo cha mteja. Naandika kama kilivyo kwenye ramani, na jina la kipimo pembeni, halafu mteja na fundi wote wananijibu "sahihi" kabla sijapeleka pesa. Ujumbe wangu uko hivi:

Bati 30
Urefu: milimita 5250 (mita 5.25)
Zikishakatwa hazirudishwi. Fundi athibitishe.

Tatu, ikibidi nitumie futi, napima kwa kitu ninachokijua. Mita 3 ni karibu futi 10. Jibu likienda mbali na hapo, nasimama. Na kuweni makini na nukta: futi 15.6 si futi 15 na inchi 6. Futi ina inchi 12, kwa hiyo hiyo nukta sita ni inchi 7 na kidogo. Kwenye bati ni inchi moja, kwenye kioo cha dirisha ni kioo kisichoingia.

Dogo sasa ndiye anayenisomea ramani za wateja kabla sijaandika profoma. Namlipa kwa kila ramani. Juzi aliniambia fundi naye ameanza kupiga picha ile kona ya chini.

Wewe unauza nini kwa vipimo, na mteja anakutajia kwa kipimo gani? Andika hapo chini, tusaidiane kabla kisu hakijapita.