Dondoo muhimu: Koo linapokauka angani

Ukitoka Tarime au Mugumu kupanda Airbus A220 ya Air Tanzania pale Mwanza, hewa utakayovuta angani imepitia kwenye injini. Huchotwa kwenye kompresa, kabla ya kufika mafuta yanapochomwa, ikiwa na joto la nyuzi 200 hivi. Mitambo ya kiyoyozi huipoza ndipo iingie ulipoketi.

Ukavu wa hewa hiyo unaokausha koo hauanzii kwenye mitambo hiyo. Kwenye kimo cha mita 11,000, nje kuna baridi ya nyuzi 50 hivi chini ya sifuri, na hewa ya baridi hiyo karibu haina mvuke wowote. Ikipata joto haiongezi maji.

Ndege ndogo za Seronera haziruki juu hivyo. Safari ikiwa ndefu, kunywa maji mara kwa mara, na ukivaa lenzi za macho, zivue.