Kutu na Masalia ya Kunata: Namna ya Kukirejesha Jikoni Kikaango cha Chuma cha Kusubu

Kikaango cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, huharibika kwa njia mbili ambazo mara nyingi hukutana katika chombo kimoja. Njia ya kwanza ni kutu, ambayo hutokea pale chuma kisichokuwa na kinga kinapokutana na maji na oksijeni. Njia ya pili ni masalia ya kunata, nayo ni mafuta yaliyopata joto la kuanza kuyakausha lakini lisilotosha kuyageuza kuwa utando mgumu. Madhara haya mawili huondolewa kwa vitu vyenye tabia zinazopingana, kwa kuwa mafuta hulegezwa na alikali kama magadi, ilhali kutu huyeyushwa na asidi kama siki. Anayechanganya siki na magadi katika beseni moja huona povu jingi na kudhani kwamba kazi inafanyika, kumbe vitu hivyo viwili vinauana nguvu. Kwa hiyo kila dawa hutumiwa kwa zamu yake, na magadi hutangulia, kwa sababu siki haiwezi kuifikia kutu iliyofunikwa na mafuta.

Mfano utakaofuatwa hapa ni wa kikaango cha chapati chenye upana wa sentimita 26, ambacho kimekaa stoo msimu wote wa masika katika mji wa pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Sehemu ya ndani ina kutu ya rangi ya machungwa iliyotapakaa, na kuta zake zina utando wa kahawia unaonata kidoleni.

Kukichunguza chombo kabla ya kukigusa

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba chombo hicho ni cha chuma kweli, kwa sababu masoko ya Afrika Mashariki yana vikaango vingi vizito vya alumini iliyosubiwa, na alumini huliwa na magadi. Sumaku hutoa jibu mara moja: hushika chuma na haishiki alumini. Vyombo vilivyopakwa enameli, ule mng'ao mgumu unaofanana na kioo, au vilivyopakwa utando wa kiwandani wa kuzuia chakula kisigande, navyo havihusiki na njia hii.

Jambo la pili ni nyufa. Kikaango kilichoning'inizwa kwa mpini na kugongwa taratibu kwa kijiko cha mti hutoa mlio unaoendelea kidogo kikiwa kizima, na mlio mfu unaokatika haraka kikiwa na ufa. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo hukaa ndani yake kama vipande vyembamba vya grafiti vinavyokifanya kiwe rahisi kupasuka. Ufa hauzibiki kwa mafuta, na moto huurefusha.

Jambo la tatu ni historia ya chombo. Wavuvi na mafundi huyeyusha risasi, ile metali laini na nzito ya kutengenezea chubwi za mishipi, katika vyungu na vikaango vya chuma. Chombo kilichotumika kwa kazi hiyo hakirudi tena kwenye chakula, hata kisafishwe namna gani.

Kuondoa masalia ya kunata kwa magadi

Ukucha ndio kipimo rahisi cha utando ulio juu ya kikaango. Utando mzuri ni mkavu na mgumu, na ukucha huteleza juu yake, ilhali utando wa kunata huacha alama ya ukucha na kushika nyuzi za kitambaa. Tofauti hiyo hutokana na mabadiliko ya mafuta yenyewe. Mafuta yanayopashwa moto yakiwa membamba na yenye kupata hewa hushikana chembe kwa chembe mpaka yakawa polima, yaani mtandao mmoja mrefu usioyeyuka kwa maji wala kwa sabuni ya kawaida. Yakiwa mazito, sehemu ya juu hukauka na kuizuia hewa isifike chini, na matokeo yake ni gundi.

Magadi yanayotumiwa kulainisha maharage, yale yanayopatikana katika maziwa ya Bonde la Ufa kama Ziwa Magadi la Kenya, yanatosha kwa kazi hii. Vijiko viwili vya mezani vya magadi yaliyosagwa hukorogwa katika lita moja ya maji, maji hayo yakamiminwa ndani ya kikaango karibu na ukingo, kisha yakachemshwa kwa moto mdogo kwa dakika 20 hivi, huku yakiongezwa kila yanapopungua. Utando huanza kuvimba na kujikunja pembezoni, na maji hugeuka rangi ya kahawia. Moto ukishazimwa na kikaango kikishapoa chenyewe, utando hukwanguliwa kwa mwiko wa mti na kumaliziwa kwa stilwaya, nazo ni nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Maji baridi hayamwagwi juu ya kikaango chenye moto, kwa sababu chuma hicho hunywea kwa ghafla na kuweza kupasuka. Glavu za mpira huvaliwa wakati wote huo, kwani magadi ya moto huchubua ngozi.

Masalia yaliyobaki huondolewa kwa kurudia kazi hiyohiyo mara ya pili, bila kuongeza ukali wa dawa. Kukitupa kikaango katikati ya makaa yanayowaka ili mafuta yaungue, ingawa ni jambo linalofanywa na wengi, hupinda kitako na kukiachia chuma ngozi ya wekundu ambayo haishiki mafuta vizuri tena.

Kuondoa kutu kwa siki

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana hufura na kumeguka, na kwa kuwa ina vinyweleo huhifadhi unyevu unaoendelea kula chuma kilicho chini yake. Kutu nyepesi husuguliwa kwa stilwaya na chumvi ya mawe mpaka chuma cha kijivu kionekane. Kutu iliyokaa muda mrefu inahitaji asidi, na siki nyeupe ya dukani, ambayo kwa kawaida ina asidi ya asetiki ya takriban asilimia 5, huchanganywa na maji kwa kiasi sawa.

Hapa kipimo cha muda ni muhimu kuliko kipimo cha siki, kwa sababu asidi haichagui: ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe na kukiachia vishimo. Kikaango cha mfano huu hulowekwa katika beseni la plastiki, kikatolewa baada ya dakika 30, kikasuguliwa na kutazamwa kwenye mwanga. Kutu ikiwa imebaki, kikaango hurudishwa kwa dakika nyingine 30, na hakiachwi usiku kucha hata kidogo. Siki ikiwa kidogo, kitambaa kilicholowa mchanganyiko huo hulazwa juu ya sehemu yenye kutu na kubanwa vizuri. Vishimo vidogo vilivyokwisha kuchimbwa na kutu havizuii upishi, kwani utando mpya utavijaza kidogokidogo.

Baada ya kutoka kwenye siki kikaango huoshwa kwa maji ya sabuni yenye kijiko kimoja cha magadi ili asidi iliyobaki iishe nguvu, kikasuuzwa, kikafutwa, na papo hapo kikawekwa juu ya moto mdogo. Haraka hiyo ina sababu yake: chuma kilichovuliwa kinga yote hurudisha ukungu wa rangi ya machungwa ndani ya dakika chache tu kikiwa na unyevu. Ukungu huo ukitokea, husuguliwa na kitambaa chenye mafuta kidogo mpaka kitambaa kiache kutoka na rangi ya kutu.

Kuweka utando mpya

Mafuta yanayofaa ni yale yenye asidi nyingi za mafuta zisizoshiba, kwani hizo ndizo zinazoshikana kwa urahisi kuwa polima. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa na mafuta ya soya yana sifa hiyo na yanapatikana kila mahali. Mafuta ya nazi hayafai kwa hatua hii ingawa ni mazuri kwa kupikia, kwa kuwa takriban sehemu 9 kati ya 10 za mafuta hayo zimeshiba, na hivyo hukawia sana kukomaa.

Kikaango kikiwa na joto la kutoshikika bila kitambaa, nusu kijiko cha chai cha mafuta husambazwa ndani, nje na kwenye mpini. Kisha mafuta hayo hufutwa yote kwa kitambaa kikavu, kana kwamba yalipakwa kwa bahati mbaya na sasa yanatakiwa yaondoke. Kinachobaki baada ya kufuta hivyo, ingawa hakionekani kwa macho, ndicho kiasi kinachotakiwa, na kupuuza hatua hii ndicho chanzo kikuu cha utando unaonata.

Mwenye oveni hukilaza kikaango kifudifudi katika joto la nyuzi 220 hadi 230 za selsiasi kwa saa moja, akakiacha kipoe humo humo, na akarudia mara tatu. Asiye na oveni hutumia jiko la mkaa lililowekwa nje, mahali penye hewa, kwa sababu moshi wa mafuta na hewa ya sumu ya mkaa havifai kuvutwa chumbani. Makaa husambazwa ili joto liwe sawa, na kikaango huzungushwa mara kwa mara na kuinamishwa ili kuta nazo zipate moto. Moshi mwembamba hutoka, kisha hukoma, na uso unaong'aa kama uliolowa hugeuka mkavu na mweusi zaidi. Hapo ndipo tabaka jingine jembamba huongezwa, na matabaka manne au matano hutosha kuanzia.

Kuusoma utando katika siku za mwanzo

Mapishi ya kwanza yawe ya chapati, vitumbua vya mafuta kidogo au vitunguu vya kukaanga, na nyanya, ndimu na ukwaju vingoje, kwa kuwa asidi yake huulegeza utando mchanga. Kila baada ya kupika kikaango huoshwa kwa maji ya moto, na sabuni ya vyombo si haramu kwa sababu polima si mafuta tena, kisha hukaushwa motoni na kupanguswa kwa tone la mafuta.

Utando wenyewe hueleza ni hatua gani haikukamilika. Ukinata, mafuta yalikuwa mengi au moto ulikuwa mdogo, na mara nyingi saa moja zaidi katika joto kali hutosha kuukomaza bila kuubandua. Ukibambuka kwa vipande vinavyoacha rangi ya machungwa chini yake, kutu haikwisha, na mahali hapo pasuguliwe na kupakwa upya. Ukiacha weusi kwenye chapati, ni mabaki ya chakula yaliyoungua, nayo husuguliwa kwa chumvi ya mawe na mafuta kidogo mpaka kitambaa kitoke safi.