Babu, mbona tunahema?

SWALI: Wajukuu wangu hushindana kupanda kilima hapa Lushebere, Masisi. Wakifika juu wanahema na kuniuliza mapafu yanafanya nini. Niwajibu vipi?

JIBU: Mzee, anza kwa kuwawekesha mkono tumboni. Watahisi tumbo linatoka wanapovuta hewa. Mapafu hayana misuli ya kujivuta yenyewe. Chini yake kuna msuli mpana, kiwambo, unaoshuka na kuyatanua kama mvukuto wa mhunzi, na hewa inaingia.

Halafu waambie jambo ambalo hata watu wazima wengi hawalijui: kinachowahemesha zaidi si upungufu wa oksijeni. Miguu inapokimbia hutoa kabonidayoksaidi kwa wingi, nayo huongeza asidi kwenye damu. Ubongo unahisi hilo na kuamuru pumzi ziende mbio ili hewa hiyo itolewe. Ndiyo maana wanaendelea kuhema hata wakishaketi: uchafu wa mbio bado unasafishwa.

Wahesabie pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miaka minane aliyetulia huvuta takriban 20. Baada ya mlima huweza kuzidi 40, kisha zinashuka zenyewe dakika chache baadaye.

Zisiposhuka, au ukisikia kifua kikilia filimbi, au ngozi ikibonyea kati ya mbavu, huenda ni pumu au nimonia. Mpeleke kituo cha afya. Midomo ikiwa ya bluu, usingoje hata kidogo.