"Salama" isiwe mwisho wa mazungumzo

KWA muda wa miezi minne nilimuuliza kijana mmoja hali yake kila siku, wala sikuijua hali yake. Naandika makala haya kwa sababu naamini si mimi peke yangu niliyefikwa na jambo hili.

Nina duka dogo la vifaa vya wachimbaji hapa Nyarugusu, mkoani Geita. Nauza nyundo, moko, kamba, tochi na betri. Kijana ninayemzungumzia ametokea vijijini Shinyanga na anafanya kazi kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Tulikuwa tukikutana kila siku msikitini baada ya Isha. Atanipa salamu, nitaitikia. Nitamuuliza, "Habari za kutwa, mdogo wangu?" Naye atajibu, "Salama kaka, alhamdulillah." Basi, kila mmoja anavaa viatu vyake na kwenda zake.

Ndugu msomaji, hebu tulitazame hilo neno "salama". Maamkizi yetu ya Kiswahili yamejengwa hivi kwamba jibu la kwanza sharti liwe jema. Mtu anayetoka msibani akiulizwa habari atasema "nzuri", kisha ndipo aongeze, "ila tumefiwa." Huo si uongo. Ni adabu: unapokea heshima ya mwenzako kwanza, ndipo umpe habari yenyewe. Wasukuma nao ni hivyo hivyo. Huamkiana "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana na jioni, na neno "mhola" lenye maana ya uzima na amani hutumika kuuliza na kujibu. Neno moja linakwenda na kurudi.

Na kwa mchimbaji "salama" ina maana ndogo zaidi. Ina maana kwamba leo duara halikumfukia. Wenyeji wa hapa wanakumbuka mwaka 2015, machimbo ya Nyangarata wilayani Kahama yalipoporomoka, na watu watano wakatolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Mwenye kuishi karibu na habari za namna hiyo, akirudi jioni na miguu yake miwili, yuko salama. Kikohozi hakihesabu, wala deni.

Kwa hiyo kosa haliko katika "salama". Kosa ni letu sisi waulizaji ambao tukishalisikia neno hilo tunageuza kisogo, ilhali habari yenyewe huja baada ya hapo, kwenye lile "ila". Nami miezi minne sikuwahi kulisubiri.

Sheria yetu nayo imeyapa maamkizi uzito. Suratun Nisaa, aya ya 86, inatuamrisha kwamba tunapoamkiwa tuitikie kwa yaliyo bora zaidi, au angalau turejeshe mfano wake. Wengi wetu tumetosheka na hiyo daraja ya pili.

Mafunzo ya Mtume kwa vitendo

Mfano mzuri ni kisa cha Jabir bin Abdullah (r.a.) kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Walikuwa wanarejea Madina kutoka safarini, na ngamia wa Jabir alikuwa amechoka, naye akabaki nyuma ya msafara. Mtume (s.a.w.) akamfuata na kumuuliza ana nini. Akaeleza habari ya ngamia. Mtume akamchochea ngamia yule, akaenda mwendo mzuri. Mazungumzo yangeweza kwisha hapo. Lakini Mtume akamuuliza kama ameoa. Akasema ndiyo. Akamuuliza tena, ameoa mwanamwali au mwanamke aliyekwisha kuolewa? Akajibu kuwa ni aliyekwisha kuolewa. Alipoulizwa mbona asioe mwanamwali, ndipo Jabir alipofunguka: baba yake alikuwa ameuawa Uhud akaacha mabinti, naye akaona aoe mwanamke mwenye kuyajua mambo, atakayewatunza dada zake na kuwachana nywele. Kisha Mtume alimnunua ngamia yule wakiwa njiani, na walipofika Madina akampa Jabir bei yake pamoja na ngamia mwenyewe.

Tazama mpangilio wa maswali yale. La kwanza lilihusu kitu kinachoonekana, yaani ngamia aliyechoka. Kila swali lililofuata lilizaliwa na jibu lililotangulia. Na mzigo wa yatima pale nyumbani, ambao Jabir hakuutaja mwanzo, ulitoka kwenye swali la mwisho, si la kwanza.

Nilivyokosea kwanza

Siku moja niliamua kumuuliza yule kijana zaidi ya kawaida. Nikamwambia, "Leo mmesaga viroba vingapi? Dhahabu imetoka?" Uso wake ukabadilika. Akasema "kidogo tu" na kuondoka haraka. Siku mbili zilizofuata akawa anatokea mlango wa pili.

Anayeishi machimboni ataliona kosa langu mara moja. Huku mtu haulizwi kiasi alichopata. Anayetaka kujua hivyo ni mkopeshaji, au mwizi, au mwenye kijicho. Mtu aliyepata gramu tano usiku huu atasema hakupata kitu, na ana haki, kwani amelala chumba cha kupanga na watu asiowajua. Kuuliza mapato ni kuuliza mfuko wa mtu. Kuuliza kazi ni kumuuliza yeye mwenyewe. Nami nilikuwa nimegonga mlango usio wangu.

Wiki iliyofuata nilianza upya. Nilingoja maamkizi yaishe kama kawaida, kwani kuyaruka ni utovu wa adabu, nikakaa naye barazani. Nikaanza kwa habari yangu mwenyewe, kwamba siku nzima sikuuza hata betri moja. Kisha nikatazama shati lake, lilikuwa jeupe kwa vumbi. Nikamuuliza, "Leo mlikuwa mnasaga makavu, au mmemwagia maji?"

Swali hilo haliwezi kujibiwa "salama". Hii ndiyo siri ndogo niliyojifunza: swali lenye "habari" lina jibu lililokwisha pangwa, lakini swali la wapi, na nani, kwa nini, au ikawaje, mtu lazima afikiri ndipo ajibu.

Akacheka, akasema, "Makavu kaka. Maji ya kununua, mwenye karasha hataki gharama." Nikanyamaza. Akaendelea mwenyewe: vumbi siku hizi linamsumbua, lakini anakunywa maziwa kusafisha kifua. Nikamuuliza, "Linakusumbuaje?" Akasema anakohoa. Tangu lini? Tangu kabla ya Ramadhani, yaani kama miezi miwili. Na usiku? Usiku anaamka shuka limelowa jasho, naye alidhani ni joto la chumba. Suruali alikuwa ameikaza kwa kamba.

Maziwa hayasafishi vumbi. Chakula hupita njia moja na pumzi njia nyingine, kwa hiyo maziwa yanaishia tumboni. Vumbi la mawe ya dhahabu lina silika, chembe ndogo ambazo hata leso ya puani haizizuii. Zikijaa kwenye mapafu huyaacha na makovu yasiyopona, na mapafu ya namna hiyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kukohoa wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kukonda, hizo ni dalili ambazo mhudumu yeyote wa afya angemwambia apime makohozi. Nami nilikuwa nazitazama kila Isha na kuambiwa "salama".

Asubuhi tukaenda naye kupima. Ilikuwa kifua kikuu. Alipewa dawa bila malipo, za miezi sita. Wenzake watatu wa chumba kimoja nao wakaitwa kupimwa, na mmoja akakutwa nacho, naye hata kukohoa kwa nguvu alikuwa hajaanza.

Jambo hili lina uzito wake hapa kwetu. Kijijini mama angelisikia kikohozi kile usiku wa tatu. Machimboni hakuna mama. Dhahabu ikisikika Kakola au Runzewe, watu wanahama usiku mmoja, na jirani wa leo kesho ni mwingine. Anayekuona kila siku huenda ni mwenye duka tu, au mliyesimama naye safu moja.

Mipaka yake

Atakuja mtu aseme kwamba huku ni kupekua mambo ya watu, na kupeleleza kumekatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Kweli kumekatazwa, na tofauti ni lazima tuijue. Mpelelezi anatafuta aibu iliyofichwa ili aibebe kwa wengine. Anayeuliza hali anafuata kile ambacho mwenzake mwenyewe amekifungua. Nimejiwekea alama tatu. Mtu akirudia "salama" mara ya pili kwa mkato, naacha, nazungumza mvua. Simuulizi mtu mbele za watu, kwa sababu mbele za watu jibu ni moja tu. Na aliloniambia barazani halivuki kizingiti cha duka langu. Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa yake, na ndiyo maana jina lake hulioni.

Lipo pia kosa la haraka. Ukiuliza huku umeshika ufunguo wa pikipiki, umekwisha mjibu kwamba huna nafasi. Siku ambayo huna dakika tano, toa salamu yako kamili, upite kwa amani. Salamu hiyo ina thawabu zake, nayo ni bora kuliko swali usilotaka kulisikia jibu lake.

Na swali la jana halijakamilika mpaka uliulize tena leo. "Ile dawa ya asubuhi bado inakutia kichefuchefu?" "Mwenye karasha amekubali kuweka maji?" Hapo mtu anajua kwamba jana ulisikia kweli. Kwa habari ya maji, mwenye karasha hakukubali mpaka wafanyakazi wanne walipomwendea pamoja. Sasa pipa lipo, ingawa siku nyingine huwa tupu.

Utajuaje kwamba umefika? Mimi nilijua jioni moja, dawa zikiwa mwezi wa tatu. Alikuja dukani, akatoa salamu, nikamuuliza habari za kutwa kama zamani. Akajibu "salama kaka", kisha akavuta kreti la soda, akakaa, na kabla sijasema neno akaanza, "Ila leo kaka, nimepigiwa simu na mama."

Wabillahi tawfiq.