Mtoto Ajifichaye Mgeni Ajapo

Swali: Binti yangu ana miaka 4. Nyumbani ni msemaji, lakini nyanya yake akija hapa Kakamega hujificha nyuma ya leso yangu, nami huona haya. Nifanyeje?

Jibu: Mama, huo si ukaidi; ni kwamba mtoto anaamrishwa "Salimia!" mbele ya hadhara, na neno ambalo ulimi haujalizoea hukwama kooni pale macho yote yanapomwelekea. Basi mazoezi na yatangulie, jioni, dakika 5 tu, kwa mchezo wa hodi. Kwanza mpe yeye cheo cha nyanya: aketi juu ya kigoda, ajitande leso, nawe utoke nje, ubishe hodi, ungoje akukaribishe, kisha uiname kidogo na kusema "Shikamoo, nyanya," naye ajibu "Marahaba", kwani kuipokea heshima ni kwepesi kuliko kuitoa, na akiisha kuionja ladha yake ataomba mwenyewe mbadilishane. Siku nyingine mgeni awe mzee wa Kiluhya asalimuye "Mulembe," yaani amani, nalo jibu ni lilo hilo, "Mulembe."

Ukimsikia akiwaamkia wanasesere wake faraghani, mwalike jirani mmoja amjuaye, kabla ya nyanya. Akinyamaza, msalimu mgeni wewe, kwa sauti ya utulivu, wala usimtolee udhuru kwa kusema "huyu ana haya," maana jina hilo, akilisikia mara kwa mara, atalivaa. Nyanya naye, akifika, na aketi kwanza, uso wake uwe sawa na wa mjukuu.