SOMO: KUHESABU MALI YA SHULE WAKATI WA MAKABIDHIANO

Mkuu wa shule anayepokea shule ya bweni katika mikoa ya Mbeya na Iringa hupokea pamoja na wanafunzi bohari la chakula, maktaba, maabara, samani na makabati ya kumbukumbu. Saini yake katika hati ya makabidhiano ndiyo inayohamisha dhamana. Tofauti isiyoandikwa siku hiyo, mkaguzi akiikuta baadaye, itaulizwa kwake na si kwa mtangulizi wake. Kwa sababu hiyo haifai kusoma leja kwa sauti huku kila mmoja akiitikia "ipo". Vitu vihesabiwe kwanza chumba kwa chumba, mbele ya anayeondoka, anayeingia na shahidi, ndipo hesabu ilinganishwe na leja.

Chakula ndicho chenye utata zaidi. Katika Nyanda za Juu Kusini gunia si kipimo cha kutegemewa, kwani lumbesa na gunia la kawaida huandikwa vyote "gunia 1". Mahindi sharti yapimwe kwa mizani, gunia tupu likitolewa katika uzito.

Uchukuliwe mfano wa shule iliyopokea kilo 4,000 za mahindi mwezi Julai, yakiwa na unyevu wa asilimia 16 kwa mujibu wa hati ya mapokezi. Akiba hiyo haijaanza kutumika. Makabidhiano yanafanyika Novemba, mahindi yamekauka hadi asilimia 13, na mizani inaonyesha kilo 3,790. Pungufu ni kilo 210. Je, yote ni wizi?

Mahindi yale ya Julai yalikuwa na asilimia 84 ya kitu kikavu, yaani kilo 3,360. Kiasi hicho hakipungui kwa kukauka. Unyevu ukishuka hadi asilimia 13, kilo hizo 3,360 zinakuwa asilimia 87 ya uzito mpya, nao ni takriban kilo 3,862. Basi kilo 138 zimepotea kwa kukauka, na kilo 72 zilizobaki zinahitaji maelezo mengine. Sakafu na mishono ya magunia huweza kueleza. Dumuzi huacha punje zenye matundu na vumbi jingi chini ya magunia. Vumbi hilo lifagiliwe na lipimwe. Gunia lililofunguliwa kwa siri mara nyingi hushonwa upya kwa uzi usiofanana na wa mwanzo. Katika hati iandikwe: leja kilo 4,000, zilizopo kilo 3,790, pungufu kilo 210, kati yake 138 kwa kukauka na 72 bila maelezo. Leja isirekebishwe ili ilingane. Kufuta upotevu katika vitabu kunahitaji idhini ya mamlaka iliyo juu ya shule.

Ziada nayo huandikwa, ingawa wengi huipuuza kwa furaha. Vitabu 12 vilivyozidi huenda ni msaada uliopokelewa bila kuingizwa, au ni mali ya shule jirani. Haifai kuvitumia kufidia vitabu 12 vya somo lingine vilivyopotea, kwa kuwa hapo tofauti mbili zitafichwa na leja itaonekana safi.

Idadi kulingana hakutoshi. Hadubini 6 zilizo katika leja zaweza kuwa 6 mezani, lakini moja haina lenzi. Hiyo ni tofauti ya hali, nayo iandikwe. Viti vilivyoazimwa msibani viandikwe kuwa vimeazimwa, pamoja na jina la aliyevichukua. Kwa upande mwingine, chapa ya mkoa wa zamani si dalili ya mali ngeni. Njombe ilitengwa na Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatengwa na Mbeya mwaka 2016, hivyo dawati lililopo Mbozi laweza bado kubeba jina la Mbeya.

Katika kumbukumbu, hatari kubwa imo katika vitabu vya stakabadhi visivyotumika. Gunia likipotea, hasara ni gunia lile. Kitabu cha stakabadhi kikipotea, mtu aweza kukusanya fedha za wazazi kwa jina la shule. Visihesabiwe kwa idadi tu. Namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kitabu zisomwe, na kurasa zikaguliwe kama zimo zote, pamoja na nakala za stakabadhi zilizofutwa. Namba iliyorukwa itolewe taarifa siku hiyohiyo kwa Mkurugenzi wa Halmashauri.

Endapo mtangulizi amekwisha kuondoka au amefariki, hesabu ifanywe na kamati, na funguo za bohari zisitumike kabla haijakamilika. Anayepokea aandike juu ya saini yake kwamba anapokea isipokuwa tofauti zilizoorodheshwa, na wote watatu watie saini katika kila ukurasa wa orodha hiyo.