Barua ya Kurudishiwa Pesa za Rinda: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Mwanamke anayekaanga mgongo wazi Obunga ana sababu nzito ya kuulizia pamba dukani. Hushinda mbele ya karai la mafuta, kuni zikirusha cheche na jua la Kisumu likimchoma mgongoni. Poliesta haifyonzi jasho, na ikipatwa na moto huyeyuka, ikanata kwenye ngozi na kuendelea kuiunguza. Kumuuzia poliesta kwa jina la pamba tupu ni kumuuzia kitu kingine kabisa, na ana haki ya kurudishiwa pesa zake. Haki hiyo hupotea kwa urahisi, na mara nyingi hupotezwa na barua mbovu.

Jirani yangu mmoja alinunua rinda la shilingi 3,200 katika duka moja la mjini. Kibandiko kilichoning'inia shingoni kiliandikwa pamba asilimia 100, na mhudumu akayarudia hayo kwa mdomo. Alipompelekea fundi wa cherehani alipunguze kiunoni, fundi akaligeuza na kukuta lebo ndogo iliyoshonewa kwenye mshono wa ubavuni: poliesta 65, pamba 35. Alinijia na kurasa tatu za hasira alizotaka kuzipeleka dukani. Nilimkataza. Yafuatayo ndiyo niliyomwambia.

Usilivae tena, usilifue, wala usimruhusu fundi alikate. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, inasema katika kifungu cha 15 kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Isipolingana, mnunuzi anaweza kuikataa. Lakini akiitumia kama mali yake, au akikaa nayo kimya kupita muda unaofaa, anahesabiwa kuwa ameikubali. Hapo hawezi tena kuikataa kwa sheria hiyo, na kinachobaki ni kudai fidia, ambayo huenda ikawa ile tofauti ya thamani tu kati ya rinda la pamba na la poliesta. Rinda lililopunguzwa kiunoni ni rinda ulilolifanya lako. Jirani yangu aliponea chupuchupu, kwa kuwa fundi aliona lebo kabla ya kushika mkasi.

Sheria hiyo haikutaja idadi ya siku. Ni kweli kwamba Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inampa aliyeuziwa kwa maelezo ya uongo mwaka mmoja wa kutoa notisi ya kuvunja mkataba, ila usijifiche nyuma ya mwaka huo. Andika wiki hii hii.

Usikitupe kibandiko wala usiikate lebo. Kesi yako yote imo katika vitu hivyo viwili: kimoja kinasema pamba, kingine kinakanusha. Vipige picha vikiwa pamoja juu ya rinda lenyewe, maandishi yasomeke, na mshono unaoshikilia lebo uonekane ili asije mtu kudai uliitoa kwenye nguo nyingine.

Usidhani ujumbe wa M-Pesa unatosha. Unaonyesha kiasi, tarehe, saa na jina la aliyepokea, lakini hausemi ulinunua nini, sembuse kimetengenezwa kwa nini. Utunze, kisha tafuta risiti ya duka. Ikiwa risiti imeandikwa "rinda" tu, tafuta ahadi ya pamba mahali pengine: kwenye kibandiko, kwenye tangazo la duka, au kwenye ujumbe wa WhatsApp uliouliza "ni pamba tupu?" ukajibiwa "ndiyo". Na ukinunua nguo ya mtumba Kibuye bila mtu kukuambia ni pamba, huna dai la namna hii. Macho yako ndiyo yaliyochagua.

Fanya jaribio la moto ikiwa lebo haipo, ila lifanye ipasavyo. Hapa ndipo wengi huharibu. Usichome uzi wa kushonea. Uzi wa cherehani mara nyingi ni poliesta hata kwenye nguo ya pamba safi, na utamshtaki muuzaji kwa kosa ambalo si lake. Chomoa nyuzi za kitambaa chenyewe kutoka ukingo wa ndani wa mshono au wa pindo, mahali pasipoonekana. Chukua za pande zote mbili, zinazokwenda urefu na zinazokwenda upana, kwa sababu kuna vitambaa vyenye pamba upande mmoja na poliesta upande wa pili. Zishike kwa kibano, nje ya nyumba, juu ya sahani ya bati, maji yakiwa karibu.

Uzi wa pamba hushika moto mara moja, ukanuka kama karatasi inayoungua, na kuacha jivu laini la kijivu linalosagika vidoleni. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha kitone kigumu kisichopondeka. Kitambaa cha mchanganyiko huwaka na kutoa harufu ya karatasi, lakini ndani ya jivu lake utapapasa punje ngumu. Punje hizo zinakuambia kuna kitu zaidi ya pamba. Haziwezi kukuambia ni kiasi gani, kwa hiyo usiandike asilimia yoyote uliyoikisia kwa kiberiti.

Asilimia hupatikana maabara. Kipande cha kitambaa hukaushwa na kupimwa uzito, kisha hulowekwa kwenye asidi ya salfuriki iliyopunguzwa kwa kipimo maalumu, ambayo huyeyusha pamba na kuiacha poliesta. Kinachobaki hukaushwa na kupimwa tena. Gramu moja ikibakisha gramu 0.65, kitambaa ni poliesta kwa asilimia 65. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lina ofisi Kisumu na hupima sampuli kwa malipo. Usikimbilie huko kwanza. Kipimo hula kitambaa, na ada yake inaweza kukuuma kuliko rinda lenyewe. Kiweke kwenye barua kama pendekezo: duka likibisha, sampuli ikatwe mbele ya pande zote mbili, na atakayeonekana amekosea alipe gharama.

Usiandike kwamba pamba haishiki moto. Jirani yangu alikuwa ameliandika hilo kwa herufi kubwa. Si kweli, na meneja yeyote anayejua nguo ataishika sentensi hiyo na kuiacha barua nzima. Pamba huwaka, tena upesi. Tofauti ni kwamba haiyeyuki ikagandamana na mwili. Sema hivyo, au usiseme kabisa.

Usimwite muuzaji mwizi. Huenda naye alidanganywa na aliyemuuzia kwa jumla. Kwa kifungu cha 15 hilo halibadilishi kitu: bidhaa hailingani na maelezo, basi. Ukidai alikusudia kukulaghai, umejitwika mzigo wa kuthibitisha yaliyo moyoni mwake, mzigo ambao hukuuhitaji. Na usianike jina la duka mtandaoni kabla ya kujibiwa. Neno moja lililozidi linaweza kukugeuza mshtakiwa wa kashfa.

Andika ukurasa mmoja. Barua tuliyoiandika ilikuwa hivi, nikiacha majina na nambari:

> Kwa Meneja,
>
> KUH: KUKATAA RINDA NA KUDAI KURUDISHIWA SH. 3,200
>
> Jumamosi iliyopita nilinunua dukani kwenu rinda la buluu la shilingi 3,200, nikalipa kwa M-Pesa. Kibandiko chake kinasema ni pamba asilimia 100, na mhudumu wenu aliniambia vivyo hivyo kabla sijalipa. Lebo iliyoshonewa ndani inasema poliesta 65, pamba 35. Picha za vyote viwili, risiti na ujumbe wa malipo nimeviambatisha.
>
> Rinda halilingani na maelezo mliyoniuzia kwayo, kinyume na kifungu cha 15 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na kifungu cha 12 cha Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Kwa hiyo nalikataa. Sijalivaa, sijalifua wala kulibadilisha.
>
> Naomba mnirudishie shilingi 3,200 zote kwa nambari ile ile niliyolipia, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Rinda liko tayari kuchukuliwa pesa zikirudi. Mkiipinga lebo, niko tayari kitambaa kipimwe KEBS, na aliyekosea alipe gharama.
>
> Wako mwaminifu,

Tazama isichokuwa nacho: hadithi ya watoto, jua, foleni, wala jinsi mhudumu alivyomtazama. Tazama pia sentensi inayosema "nalikataa". Wengi huandika "sijafurahishwa" au "naomba mnisaidie", na duka hujibu kwa pole. Kukataa bidhaa ni tendo la kisheria, nalo hutendwa kwa kusemwa waziwazi.

Usiliache rinda dukani bila saini. Rinda ndilo shahidi wako. Sheria haikulazimishi kulirudisha wewe mwenyewe. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba umelikataa. Peleka nakala mbili za barua, moja igongwe muhuri wa duka na kuandikwa tarehe, kisha rudi nayo. Wakikataa kugonga, itume kwa rejista ya posta na utunze karatasi ya posta.

Usitishwe na bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Bango hilo lina nguvu kwa aliyebadili nia, aliyeona rangi imemkataa, au aliyekosea saizi. Hao hawana haki ya kudai, na wasiige barua hii. Kwa aliyeuziwa kisichokuwa kile alichoambiwa, bango halifuti sheria. Kadhalika usikubali rinda jingine au karatasi ya kuchukulia bidhaa eti kwa kuwa umechoka kungoja. Ukitaka kubadilishiwa, sawa, lakini ligeuze hilo jingine ndani nje, usome lebo ya ubavuni kabla ya kutia saini.

Siku 14 zikipita kimya, njia ipo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na Kisumu inayo. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Usiende huko kudai laki mbili za uchungu wa moyo kwa rinda la shilingi 3,200. Dai bei ya rinda, nauli yenye risiti, na ada ya kufungua shauri. Beba rinda likiwa na lebo yake, kibandiko, na ile nakala yenye muhuri.